Pilipili, chumvi na sukari za usiku: kutambua kilichokukatisha usingizi

Mji kama Tanga hula usiku. Mishkaki na mihogo ya kukaanga huanza kunukia baada ya magharibi, chakula cha nyumbani mara nyingi hupakuliwa baada ya isha, na kahawa na kashata hufuata barazani. Malalamiko yanayotokana na ratiba hiyo ni yale yale: kifua kinawaka, kiu haishi, mtu anaamka kukojoa mara tatu, mwili una joto, au macho makavu mpaka saa 8 usiku. Mwongozo huu unakwenda kwa dalili. Tafuta iliyo yako, anza na sababu ya juu kwa kuwa ndiyo inayokutwa mara nyingi, na usivuke kwenda ya chini kabla hujaikagua ile ya kwanza.

## Kwanza kumbuka saa uliyoamka

Saa ya kuamka inasema mengi kuliko sahani uliyokula. Pilipili hujitokeza mapema, ndani ya saa moja au mbili tangu ulale, na mara nyingi huanza kabla hata usingizi haujaja. Chumvi huchelewa. Huanza na kiu, kisha mkojo unakuamsha kuanzia saa 7 usiku hadi karibu na alfajiri. Sukari haina saa moja maalumu: ama usingizi unakawia kuja, na hapo chunguza kwanza kahawa au chai iliyoambatana nayo, ama usingizi unakuja lakini ni mwepesi na unakatikakatika.

Hii si sheria, ni pa kuanzia. Sahani moja ya wali na ng'onda wa nazi, pilipili ya maembe pembeni na soda ya baridi ina vyote vitatu, ndiyo maana mtu hulaumu pilipili iliyomchoma mdomo kumbe iliyomwamsha ni chumvi ambayo hakuihisi.

## Dalili ya 1: Kifua kinawaka mara tu ukijilaza

Moto unasikika nyuma ya mfupa wa kifua, uchachu unapanda kooni, mate yanajaa mdomoni, wakati mwingine kikohozi kikavu cha usiku na sauti ya kukwaruza asubuhi. Ukikaa kitako unapungua, ukilala unarudi. Hiki ni kiungulia.

Sababu ya kwanza ni kulala tumbo likiwa limejaa. Pale umio unapoingia tumboni pana msuli wa mviringo unaojifunga ili chakula na asidi visirudi juu. Tumbo likitanuka kwa chakula, msuli huo hulegea mara nyingi zaidi. Mtu aliyesimama au kukaa husaidiwa na uzito wa chakula kubaki chini, lakini aliyelala hana msaada huo. Kwa hiyo hesabu saa kutoka tonge la mwisho hadi kichwa kugusa mto. Zikiwa chini ya saa 3, umeshapata mtuhumiwa mkuu, na huna haja ya kugusa pilipili bado.

Ya pili ni mafuta yaliyokwenda pamoja na pilipili. Tui zito, samaki wa kukaanga, bajia na kachori hukaa tumboni muda mrefu kuliko chakula kisicho na mafuta. Pilipili ile ile iliyoliwa na mboga ya majani isiyo na mafuta mengi huenda isikusumbue, ila ikiwa ndani ya samaki wa kupaka, inakaa na kungoja ulale.

Ya tatu ni pilipili yenyewe. Kapsaisini, kile kinachowasha, huamsha vipokezi vya joto na maumivu vilivyo mdomoni, kwenye umio na tumboni. Umio mzima huvumilia. Umio uliokwisha kuchubuliwa na asidi hauvumilii. Kwa hiyo kama familia nzima imekula mchuzi ule ule na ni wewe peke yako unayesikia moto ukishuka kifuani wakati wa kumeza, hiyo ni ishara kwamba asidi imekuwa ikikupandia kwa muda, na pilipili imekuja kukuonyesha tu.

Baada ya hapo kuna vinywaji (soda yenye gesi, kahawa, pombe, maji ya ukwaju au ndimu yasiyochanganywa vizuri), kuna sigara, na kuna dawa. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huudhi tumbo, na doksisaiklini iliyomezwa kwa funda moja la maji kabla ya kulala inaweza kukwama na kuunguza umio. Mwisho kabisa ndipo vinakuja vidonda vya tumbo.

### Ukaguzi rahisi

Kwa usiku tatu kula chakula kile kile, pilipili ile ile, ila badilisha saa. Kula mara baada ya magharibi badala ya kungoja isha ipite, ulale saa 4 au saa 5. Kiungulia kikiondoka, tatizo lilikuwa saa. Kisipoondoka, punguza mafuta: tui jepesi mahali pa tui la kwanza, samaki wa kuchoma au chukuchuku mahali pa wa kukaanga. Pilipili iguse mwisho.

Na ukifika kwenye pilipili, huna haja ya kuifuta nyumbani. Ukali mwingi umo kwenye utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu, si kwenye nyama ya nje. Ukwangue utando huo kwa kijiko, pilipili mbuzi inabaki na harufu yake na ukali unapungua sana. Njia nyingine ni ile ya wapishi wa pwani: pilipili mbuzi nzima, haijatobolewa wala kupasuka, inaelea juu ya tui dakika za mwisho kisha inatolewa. Ikipasukia sufuriani, faida yote imekwenda, kwa hiyo iweke ukimaliza kukoroga.

Kama umeshakula na mdomo unawaka, maji hayasaidii sana kwa kuwa kapsaisini haiyeyuki majini. Maziwa au mtindi husaidia, maana protini yake huishika na kuiondoa. Nusu kikombe kinatosha. Ukinywa nusu lita usiku umejaza tumbo upya.

### Marekebisho ya kina

Inua upande wa kichwa wa kitanda kwa sentimita 15 hadi 20. Tofali la inchi 6 lililolazwa chini ya kila mguu wa kichwani linatoa takriban sentimita 15. Yawe mawili yanayolingana, yakae kwenye sakafu iliyo sawa, na mguu wa kitanda uingie katikati ya tofali, si ukingoni. Ukimaliza, kagua chandarua, kwa sababu kitanda kikiinuka upande mmoja upindo wa chandarua huchomoka chini ya godoro na mbu wanaingia. Kurundika mito haifanyi kazi ile ile: mito inakunja mwili kiunoni na kulibana tumbo, na asidi inasukumwa juu zaidi.

Lala kwa ubavu wa kushoto. Kwa namna tumbo lilivyokaa, ukilalia kushoto tundu la umio huwa juu ya kilichomo tumboni. Ukilalia kulia huwa chini yake.

Kuhusu magadi yanayokorogwa kwenye maji: yanazima asidi kweli, lakini ni chumvi nyingine. Nusu kijiko cha chai cha bikabonati ina takriban miligramu 600 za sodiamu. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au wa figo asitumie, na hata mwenye afya asiifanye desturi ya kila usiku. Vidonge vya kutafuna vya kuzima asidi vya duka la dawa ni afadhali kwa usiku mmoja mmoja.

Simama, tafuta tiba: Maumivu ya kifua yanayobana, yanayoenda mkono wa kushoto, shingoni au tayani, pamoja na jasho la baridi au kukosa pumzi, yachukuliwe kuwa ni moyo mpaka daktari aseme vinginevyo. Usingoje kuche, usinywe magadi kujaribu, nenda hospitali usiku huo huo. Vivyo hivyo ukitapika damu au kitu kinachofanana na machicha ya kahawa, au choo kikiwa cheusi kama lami. Siku za kawaida za kliniki zinatosha ukiwa na chakula kinachokwama wakati wa kumeza, uzito unaopungua bila sababu, au kiungulia zaidi ya mara mbili kwa wiki kwa wiki kadhaa.

## Dalili ya 2: Kiu ya usiku na kuamka kukojoa

Hii ndiyo inayokosewa zaidi. Mtu akiamka mara tatu kukojoa hulaumu maji, akaacha kunywa kuanzia jioni, akalala na kiu, na bado akaamka. Mzee ataambiwa ni umri, mwanamume ataambiwa ni tezi dume. Inaweza kuwa hivyo, lakini chumvi ya chakula cha usiku inapaswa kukaguliwa kabla ya yote hayo, kwa sababu kuikagua ni bure.

Inavyotokea ni hivi. Chumvi ikiingia damuni huvuta maji, ubongo unahisi na kukuletea kiu, unakunywa. Sasa mwili una chumvi ya ziada na maji ya ziada, na figo zina kazi ya kuvitoa vyote viwili. Kwa kawaida usiku homoni hupunguza utengenezaji wa mkojo ili ulale. Mzigo wa chumvi ukiwa mkubwa na umeingia saa 3 usiku, figo zinaendelea kufanya kazi ulipolala. Mwaka 2017 watafiti wa Nagasaki, Japani, wakiongozwa na Tomohiro Matsuo, walieleza matokeo ya watu 223 waliopunguza chumvi kutoka gramu 10.7 kwa siku hadi gramu 8: kuamka kukojoa kulishuka kutoka mara 2.3 kwa usiku hadi mara 1.4. Angalia kwamba hawakuacha chumvi, walipunguza chini ya kijiko kimoja cha chai. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, kikihesabu chumvi yote, pamoja na iliyojificha kwenye samaki, achari na vipande vya kiungo cha supu vya dukani.

Sababu, kuanzia ya kawaida zaidi: chumvi nyingi jioni, kisha maji, chai au soda nyingi karibu na kulala, kisha miguu iliyovimba mchana, ambayo maji yake hurudi kwenye damu ukijilaza na kuwa mkojo, kisha dawa, hasa za kukojoza zikimezwa jioni, au baadhi ya dawa za presha kama amlodipini zinazoweza kuvimbisha miguu, kisha kisukari, maambukizi ya njia ya mkojo na tezi dume.

### Ukaguzi: kopo lenye alama

Tafuta kopo la plastiki la lita 1 lenye alama za mililita. Kwa siku mbili pima na uandike kila mkojo na saa yake. Cha kuangalia ni viwili.

Cha kwanza ni wingi wa kila safari. Safari za mililita 250 hadi 400 maana yake figo zinatengeneza mkojo mwingi, na chumvi, maji, miguu au sukari ndizo za kuchunguzwa. Safari za mililita 50 hadi 100, zenye haraka, kuungua au mkondo dhaifu, maana yake kibofu au tezi dume ina shida, na kupunguza chumvi hakutakufikisha mbali.

Cha pili ni fungu la usiku. Jumlisha mikojo yote ya usiku pamoja na wa kwanza wa asubuhi, ugawe kwa jumla ya saa 24. Kwa mtu mzima wa makamo au mzee, ikizidi theluthi moja, usiku unabeba mzigo usio wake.

### Mfano ulioshughulikiwa mpaka mwisho

Tuchukue nyumba ya Chumbageni, Tanga, yenye watu watano. Baba ana miaka 58, analala saa 5, anaamka saa 7, saa 9 na saa 10 na nusu. Chakula ni saa 3 na nusu usiku: wali wa nazi, mchuzi wa ng'onda, achari ya ndimu.

Kopo lilionyesha usiku mililita 300, 350 na 250, na asubuhi 300. Jumla 1,200. Mchana ulikuwa 900. Usiku umebeba 1,200 kati ya 2,100, zaidi ya nusu. Safari zote ni kubwa, kwa hiyo hapa tezi dume si wa kwanza kushukiwa.

Sasa sufuria. Samaki aliyetiwa chumvi na kukaushwa anaweza kubeba gramu 10 hadi 20 za chumvi katika kila gramu 100. Tukichukua 12, ng'onda wa gramu 250 ameingia mchuzini na gramu 30. Gawa kwa watano: gramu 6 kila mmoja. Vipande viwili vidogo vya supu, ambavyo karibu nusu ya uzito wake ni chumvi, vimeongeza kama gramu 0.8 kwa kila sahani. Wali umetiwa vijiko viwili vya chai, sawa na gramu 12, yaani 2.4 kwa mtu. Achari kijiko kimoja, tuseme gramu 1. Baba amekula takriban gramu 10 za chumvi kwa mlo mmoja, na mchana hazijahesabiwa.

Marekebisho yalifuata mpangilio huu:

1. Ng'onda alikatwa vipande vidogo tangu asubuhi, akalowekwa kwenye maji baridi mengi, na maji yakamwagwa na kubadilishwa mara tatu hadi jioni. Vipande vikubwa hutoa chumvi ya juu tu, ya ndani inabaki. Baada ya hapo akachemshwa dakika 5 na maji hayo yakamwagwa pia. Tukadirie kwamba nusu tu ya chumvi imetoka: 3 kwa mtu.
2. Vipande vya supu viliondolewa. Ng'onda mwenyewe ni kiungo, na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu vinajaza pengo.
3. Wali ulitiwa kijiko kimoja mahali pa viwili: 1.2 kwa mtu.
4. Achari ilihamishiwa mchana, na chakula kikaletwa saa 1 usiku.

Sahani imeshuka hadi takriban gramu 4.2. Kopo lilipotumika tena baada ya wiki moja lilionyesha kuamka mara moja, mililita 250, na asubuhi 350: jumla 600 kati ya 1,700. Ni zaidi kidogo ya theluthi. Kilichobaki kilikuwa miguuni. Akibonyeza juu ya kifundo kwa kidole, shimo linabaki. Hatua iliyofuata ni kuinua miguu juu ya kiti chenye mto kwa saa moja alasiri, ili maji yarudi mchana na kutolewa kabla ya kulala, na kumuuliza daktari kuhusu dawa zake za presha. Dawa haisimamishwi wala kuhamishwa saa bila yeye.

Kosa moja la jikoni linafaa kutajwa hapa. Mchuzi ukizidi chumvi, watu hutumbukiza kiazi ili kinyonye. Kiazi hunyonya mchuzi wenye chumvi, basi. Mchuzi uliobaki una ukali ule ule. Kinachopunguza ni kuongeza tui jepesi, maji au nyanya, au kugawanya sufuria.

Na wale wanaosema miezi ya kaskazi mtu anatoka jasho hivyo anahitaji chumvi zaidi: mvuvi au mbeba mizigo anayefanya kazi juani siku nzima ni habari nyingine, lakini aliyekaa dukani au ofisini hupata chumvi ya kutosha kwenye chakula cha kawaida. Jasho lake linadai maji ya mchana.

Simama, tafuta tiba: damu kwenye mkojo, kushindwa kabisa kukojoa huku tumbo la chini limejaa na linauma (hili ni la usiku huo huo), homa na maumivu ya kiuno, kukosa pumzi ukilala chali mpaka ukae. Mjamzito anayevimba uso na mikono, anayeumwa kichwa au kuona ukungu, aende hospitali mara moja wala asijaribu kupunguza chumvi kwanza.

## Dalili ya 3: Mwili unawaka, jasho, shuka limelowa

Ili usingizi uingie vizuri, joto la ndani la mwili hushuka kidogo. Mlo wenye pilipili nyingi hufanya kinyume. Utafiti mdogo wa mwaka 1992, wa vijana sita wa kiume wenye afya waliokula mchuzi wa pilipili na haradali jioni, ulikuta joto la mwili likiwa juu katika mzunguko wa kwanza wa usingizi, usingizi mzito ukipungua, na muda wa kuwa macho ukiongezeka. Watu sita ni wachache, lakini mwelekeo wake unafanana na kinachoelezwa na walaji wa pilipili.

Pwani kuna nyongeza. Jasho hupoza likikauka, na kwenye unyevu wa Machi halikauki. Kwa hiyo sababu ya kwanza ni pilipili na chumba kwa pamoja, si pilipili peke yake. Sogeza pilipili iwe mchana, oga maji ya kawaida (si ya barafu) nusu saa kabla ya kulala, elekeza feni ipite juu ya mwili mzima, na tumia shuka la pamba. Dalili ikiisha, chumba kilikuwa kinashirikiana na sahani.

Simama: jasho lenye kutetemeka, homa au kuumwa kichwa lipimwe malaria siku hiyo hiyo, hata kama jana ulikula pilipili ndoo nzima. Jasho la kulowesha nguo linaloendelea wiki mbili au zaidi, pamoja na kikohozi au kukonda, linahitaji kipimo cha kifua kikuu. Hivi viwili vimewahi kuitwa pilipili kwa muda mrefu mno na wagonjwa wakachelewa.

## Dalili ya 4: Macho makavu baada ya vitamu, au kuamka katikati ya usiku moyo ukidunda

Kwanza kagua kilichoandamana na sukari. Halua na kashata huliwa na kahawa. Chai ya rangi ya jioni hukolezwa majani sawa na sukari. Kola ina kafeini ndani yake. Mwili wa mtu mzima huchukua takriban saa 5 kupunguza kafeini kwa nusu, kwa hiyo kahawa ya saa 2 usiku bado iko nusu saa 7. Kaa usiku tatu na kashata bila kahawa, au na chai ya mchaichai isiyo na majani ya chai. Usingizi ukirudi, sukari haikuwa na kosa kubwa.

Ya pili ni wingi wa sukari na wanga mlaini bila kitu cha kuvizuia. Soda ya mililita 350 ina takriban gramu 35 au zaidi za sukari, karibu vijiko 9 vya chai. Ukiiteremshia mkate wa kumimina na wali mweupe, sukari ya damu inapanda haraka. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia uliochapishwa mwaka 2016, wa watu wazima 26, ulikuta kwamba siku ya sukari nyingi na nyuzinyuzi chache usingizi wake ulikuwa mwepesi na wenye kukatika zaidi. Suluhisho ni kupanga sahani upya: maharage au kunde, mchicha au bamia, samaki, kisha wali kidogo, kitamu kije papo hapo mwisho wa mlo, kisije peke yake saa 4 usiku.

Ya tatu ni kisukari kisichojulikana. Sukari ya damu ikipita takriban milimoli 10 kwa lita, figo huanza kuimwaga kwenye mkojo na maji yanaifuata. Ukiwa na kiu, mkojo mwingi usiku na mchana, kukonda huku unakula, au sisimizi wanaokusanyika mahali ulipokojoa, pima. Kipimo cha tone la damu kinapatikana vituo vingi vya afya na baadhi ya maduka ya dawa.

Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi, onyo ni kinyume kabisa. Kuamka na jasho, mikono kutetemeka, njaa kali na moyo kwenda mbio huenda ni sukari iliyoshuka. Pima. Ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au huna kipimo na dalili zipo, koroga vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, ungoje dakika 15, upime tena. Ikipanda, kula kitu chenye wanga kidogo. Asiruke chakula cha usiku baada ya kuchoma insulini eti anakwepa sukari. Akizimia, usimmiminie kitu mdomoni: mlaze ubavu, mpeleke hospitali.

## Kama dalili zimechanganyika

Ukibadilisha vitu vitatu usiku mmoja, hutajua kipi kilifanya kazi. Anza na saa ya kula kwa usiku tatu, kwa kuwa inagusa dalili zote. Kisha chumvi kwa wiki moja, kwa sababu mwili huchukua siku kadhaa kuzoea. Kisha pilipili usiku tatu, kisha sukari usiku tatu. Mwezi wa Ramadhani usifanye jaribio hili, kwa kuwa futari na daku hubadilisha saa zote; wakati huo weka ng'onda na achari mbali na daku, kunywa maji kidogo kidogo kati ya futari na kulala, na usijilaze mara baada ya daku.

Ukifika kliniki, au hospitali ya Bombo ya Tanga ukipewa rufaa, nenda na karatasi yenye mambo manne: saa ya tonge la mwisho, saa za kuamka na kilichokuamsha, vipimo vya kopo vya siku mbili, na majina ya dawa zote na saa unazozimeza.